Tungule za Raya

"Nyanya!" Bi Bikombo alilisoma neno lile mara ya tatu. "Raya wangu hajapata kula nyanya tangu azaliwe. Siye Wete, Pemba, tunaziita tungule."

Ujumbe ulitoka Maskati, nambari asiyoijua. Mama, ni mimi Raya. Simu yangu walinichukulia tangu Rajabu. Nimechapwa, mkono haushiki kitu, na hospitali hawanipeleki. Chakula ni viazi na nyanya peke yake. Nenda polisi leo, kesho wananihamishia kwa mtu mwingine. Wadogo zangu wasiache shule.

Bi Bikombo alikuwa ameshavaa buibui, yuko mlangoni. Mafunda, jirani aliyemtafutia Raya kazi ya ndani huko Maskati, alimdaka barazani.

"Ngoja, shoga. Utakwenda kituoni ukachekwe? Soma vizuri. Raya huyo anaandika hivyo?"

Bi Bikombo alifungua ujumbe wa wiki iliyopita, wa nambari mpya ya Raya ambayo Mafunda ndiye aliyemletea. Kupigiana simu tajiri wake hataki, alisema Mafunda, waandikiane tu.

Mama, mie mzima, nshakula. Leo nimepika mchuzi wa mbatata, tungule tele. Juzi nilikwenda spitali kwa mafua, nshapoa. Mwezi mwengine nitakupigia. Watoto wende skuli. Ahsante kwa dua.

Akazilinganisha jumbe mbili neno kwa neno. Bi Bikombo aliishia darasa la saba, lakini lugha yake hafundishwi na mtu. Huku mbatata, kule viazi. Huku spitali, kule hospitali. Huku skuli, kule shule. Huku mwengine, kule mwingine. Hata ahsante ilikuwa na h yake katikati, kama inavyoandikwa kwao.

"Huyu wa nyanya mtu wa bara," alisema. "Kiunguja hakijui, seuze Kipemba chetu."

"Tapeli huyo!" Mafunda alipiga kofi. "Eti mkono haushiki kitu. Sasa kaandika kwa mguu?"

Wakacheka. Bi Bikombo alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakujua hasa yalikuwa machozi ya nini.

"Mtu anaweza kuiba jina la mwanangu," alisema akijifuta kwa ncha ya buibui. "Mdomo wa Wete hawezi kuuiba. Aliyeandika tungule hizi kazaliwa hapa hapa."

"Umesema kweli, shoga. Hapa hapa."

Bi Bikombo akaufuta ule ujumbe wa nyanya, akaifungia nambari isimfikie tena. Akavua buibui, akalitundika. Ndipo akamwandikia mwanawe kwa ile nambari mpya: Raya, kuna tapeli kajifanya wewe, nshamjua. Upo salama mwanangu?

Akabonyeza kutuma.

Ndani ya mkoba wa Mafunda, simu ikalia.