Mwanao Akupendaye

Mwezini ilikuwa marufuku kupeleka sauti Duniani. Zuwena alimwendea Mlekwa, mwandishi wa barua, amwandikie barua mama yake aliyeko Duniani, ambaye yeye Zuwena alimtoroka bila kumuaga.

Mlekwa akaanza kwa mazoea: "Kwako mama mpendwa. Mimi ni mzima, hofu ni kwako."

"Futa 'mzima', kaka. Mapafu yameharibika."

"Nikifuta, dada, atajua unaumwa kabla hajafika kwenye habari."

"Ajue."

Zuwena alipomaliza kumtajia yote ya kuandika, Mlekwa akafunga: "Wasalaam. Ni mimi mwanao mpendwa."

Zuwena akainama kwa aibu. "Usiandike hivyo. Nani kasema bado ananipenda?"

"Nikiishia 'mwanao' tu, ataona umemkasirikia."

Zuwena akafikiri. "Basi andika 'mwanao akupendaye'. Hilo nina hakika nalo."

Mlekwa akaandika, kisha akauliza jina la kutia chini. Zuwena alishindwa kulitamka: ni mama huyo huyo aliyemtoroka ndiye aliyempa jina hilo.