Mpaka Wasimame

"Mshukuru mpaka wasimame," Mirsad, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alimnong'oneza Rasim huku akimrekebishia kipaza sauti. "Wewe ndiye unayewaweza watu hawa."

Rasim alicheka. Kila mara Wabosnia wa mji ule wa Iowa waliposwali Idi na kushuka ukumbini chini ya msikiti, mshereheshaji alikuwa yeye. Na kumshukuru Efendi Hazim hakukuhitaji kuombwa. Imamu huyo ndiye aliyemwozesha, ndiye aliyemzikia mama yake.

Msomaji wa Kurani alipomaliza, Rasim alitoa salamu, akaongoza takbira, ukumbi ukarindima.

"Bajram mubarek olsun!" akawatakia Idi njema kwa desturi ya kwao.

"Allah razi olsun!" wakamwitikia, Mungu awe radhi nawe.

Akaanza na wageni, kama ilivyo ada. Meya kwanza. Kisha mchungaji jirani aliyewaazima uwanja wa kuegesha magari. Kisha kijana mwenye ndevu fupi, aliyeketi ubavuni mwa Mirsad.

"Huyu ni Nedim, mgeni wetu kutoka Chicago," alisema kama alivyoelekezwa na Mirsad. "Efendi, hebu mkaribishe."

Efendi Hazim akainuka, akamkumbatia kijana kama mwanawe.

Matangazo aliyatanguliza kabla ya chakula, maana mtu akishashika kipande cha baklava tamu hasikii tena.

"Mwenye gari la kijivu, umewafungia wenzako njia!"

"La Zijad hilo!" sauti ikatoka nyuma.

"Zijad, mwezi mzima wa toba na bado hujui kuegesha?"

Wakaangua kicheko. Zawadi za watoto ziko mlangoni, akaendelea, na zitatolewa baada ya dua, si kabla. Kesho baada ya adhuhuri, kuzuru makaburi. Akawaita wanawake waliokesha wakikunja pita za nyama na jibini watoke jikoni, wapigiwe makofi. Wakatoka na unga mikononi.

Kisha akashusha sauti.

"Theluji ikifunga barabara na mgonjwa wako anakata roho, nani hufika wa kwanza?"

"Efendi!"

"Mwanao akigoma kurudi nyumbani, nani humfuata?"

"Efendi!"

"Mnamshukuru mmekaa?"

Viti vikakwaruza sakafu. Ukumbi mzima ukasimama ukipiga makofi, na meya pia. Mama Sefika, mke wa imamu, alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Basi, Rasim," Efendi alisema, uso umemwiva. "Utaniua kwa haya, bwana."

Mirsad akakichukua kipaza sauti taratibu kutoka mkononi mwa Rasim.

"Ahsante, ndugu yangu. Mzee wetu mmemuaga kwa heshima anayostahili. Kamati imeamua, na nyinyi wenyewe mmesimama. Kuanzia Ijumaa, atakayetuswalisha ni Efendi Nedim."

Makofi yakakatika.

Efendi Hazim hakumtazama Mirsad hata kidogo. Alimtazama Rasim.

"Kumbe ulikuwa unaniaga," alisema.