Kigezo cha Tano

"Vilevile!" Dokta Evarista aliligonga lile neno kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni mende. "Yotham, nani kakwambia toharani na barzakh ni kitu kilekile?"

Insha hii ilikuwa ya sapu, mtihani wa marudio. Akifeli tena, anadisko, yaani anafukuzwa chuo, na huko kwao Kibakwe mama yake alikwishachagua mbuzi wa sherehe ya mahafali.

"Dokta, zote mbili ni... sehemu za kusubiri."

"Hata stendi ni sehemu ya kusubiri. Keti."

Wanafunzi wa sapu Dokta aliwapokea nyumbani kwake Miyuji. Tangu Novemba ianze alivaa nyeusi tupu. Kwenye kona ya sebule palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa, rozari, na picha kubwa ya mzee mmoja mwenye masharubu, imezungushiwa maua ya plastiki. Yotham, Mwanglikana asiyejua sana mambo ya Wakatoliki, aliiona meza ile mara moja tu na moyo ukamwuma. Masikini mama wa watu! Hata kandambili za marehemu hajaziondoa mlangoni, na chumbani kaacha redio ikiongea peke yake, ili nyumba isimlemee kwa ukimya.

"Anza na vigezo," Dokta alisema. "Kila dini iulize maswali yaleyale, halafu iache ijibu kwa maneno yake yenyewe. Isipokuwa na jibu, andika haina. Usiitungie."

Basi wakaanza upya. Nani huenda huko? Barzakh, kwa Waislamu, ni ya kila aliyekufa, mwema kwa mwovu, tangu kufa hadi siku ya kufufuliwa. Toharani, kwa Wakatoliki, ni ya wale tu waliokufa katika neema ya Mungu lakini bado wana madoa. Ni kwa ajili ya nini? Toharani husafisha, na aliyemo ana hakika ya mbinguni. Barzakh ni kipindi cha katikati: huyu hustarehe, yule huadhibiwa, na hukumu kuu bado iko mbele. Huisha lini? Toharani roho inapotakata, barzakh baragumu linapolia.

Walio hai wanaweza kusaidia? Hapo Yotham alichangamka. Pande zote huwaombea wafu na kuwatolea sadaka! Akaandika "vilevile" kwa mwandiko wa kujidai, akachorwa msalaba mwekundu.

"Tendo limefanana. Je, maana yake?" Dokta aliuliza. "Mkatoliki anatoa Misa roho ikamilishe kutakaswa. Mwislamu anamwombea maiti wake msamaha na rehema. Sema panapofanana, halafu sema panapoachana. Ukiishia njiani umewaonea wote wawili."

Kigezo cha tano alikitoa Dokta mwenyewe. Kabla ya kukisema aliitazama ile picha, akashusha pumzi ndefu.

"Mume na mke," alisema polepole. "Huko ng'ambo, ndoa yao inakuwaje? Hapo, Yotham, nataka ukweli mtupu."

Yotham alirudi hosteli ameishiwa nguvu. Ukweli aliujua, tatizo ni kumwandikia mjane. Mwishowe huruma ilimshinda. Akaandika kwamba katika dini zote mbili wenzi hukutana na kuendelea na ndoa yao milele na milele, hawatenganishwi na chochote. Alipomaliza, yeye mwenyewe alijifuta machozi.

Dokta aliisoma aya ile, akabadilika rangi. Akaisoma tena.

"Hii umeitoa wapi?" aliuliza. "Umezipaka dini mbili sukari mpaka zimekuwa chapati moja! Jumatatu lete kitu cha kweli, la sivyo nakufelisha."

Ikabidi Yotham ajikaze kiume. Aliandika kwamba katika Uislamu, wema wameahidiwa kuingia peponi pamoja na wenzi wao walio wema. Kuungana kupo, na kuna sharti. Kwa Wakristo, Yesu alipoulizwa alijibu kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi, na kiapo cha kanisani chenyewe kina kikomo chake, kifo. Watajuana, watapendana katika Mungu, ila ndoa haiendelei. Akafunga hivi: "Mafundisho haya mawili hayafanani, na insha hii haitayafananisha kwa nguvu."

Jumatatu Dokta aliisoma akiwa amesimama. Chozi moja likamtoka, likafuata jingine. Yotham alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Yaani ndoa imekwisha?" Dokta aliuliza.

"Imekwisha, Dokta. Pole sana."

"Hata tukifufuka?"

"Hata mkifufuka."

"Hana haki ya kuniita mkewe, wala ya kuniagiza chai?"

"Hana, Dokta," Yotham alisema, naye sasa analia waziwazi. "Mungu akutie nguvu."

Dokta aligeukia mlango wa chumbani, akapaza sauti kama yuko uwanjani. "Baba Castory! Njoo usikie! Si mimi peke yangu ninayesema!"

Mlango ukafunguka. Yule mzee wa masharubu wa kwenye picha akatoka, mzima wa afya, taulo begani, akamshika Yotham mabega kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa matumaini.

"Kijana, una uhakika?"

"Shi... shikamoo, mzee. Ndiyo," Yotham alisema, akiikodolea macho picha.

"Hiyo ni ya jubilei ya ndoa yetu, ipo kwenye meza ya sala," Dokta alisema, "na nyeusi ni ya Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu wote."

"Mke wangu," mzee alisema, "mpe huyu mtoto A."