Siku Tatu za Hewa Safi

Nilipoingia kumtandikia mgeni kitanda, nilikuta juu yake jarida alilokuja nalo kutoka Dar, simu yake, na ile dawa ya pumu anayojipulizia mdomoni.

Jarida lilikuwa wazi kwenye ukurasa unaoisifu nyumba yetu ya wageni: “Siku tatu za utulivu Ruangwa, mji wa vilimani. Siku ya kwanza, lala tu. Ya pili, acha simu chumbani, panda kilimani alfajiri kupitia mikorosho, uvute pumzi ndefu. Ya tatu, zunguka sokoni, nunua korosho, ndipo upande basi.”

Mwandishi alikuja Machi. Sasa ni Julai.

“Mgeni yuko wapi?” nilimuuliza mpishi.

“Katoka mapema, dada. Kapitia shambani kwa Hemedy.”

Msimu huu mikorosho hupuliziwa salfa, unga wa kuua ukungu, alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Nje, mashine ya Hemedy ilikuwa inanguruma, na vumbi la njano limeanza kuufunika mteremko.

Niliikwapua ile dawa, nikakimbia.

Kabla sijafika, mashine ikazimwa. Hemedy huwa haizimi mpaka unga uishe, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza.

Kukawa kimya kabisa, kama jarida lilivyoahidi.