Atokana au Yumo

Mtagusoni, kwenye baraza kuu la maaskofu, mashemasi hawakuwa na kura. Walisimama nyuma ya maaskofu wao, wakinong'ona walipoulizwa. Kati yao alikuwamo kijana mmoja, ambaye askofu wake siku hizi alimuuliza Kinubi tu, shemasi mwingine mwenye sauti tamu.

Ukumbi ulichemka.

"Kristo atokana na asili mbili, ya Mungu na ya mtu!" walipaza wa kushoto.

"Yumo katika asili mbili!" wakajibu wa kulia. "Hilo 'atokana' lenu linaacha asili moja tu baada ya kuungana. Ubinadamu wake mmeupeleka wapi?"

Tamko likaandikwa kwa neno "katika". Askofu ambaye hangetia sahihi angevuliwa uaskofu.

Askofu wa kijana akageuka, mkono wake ungali begani kwa Kinubi. "Mwanangu, mwenzako anasema tamko hili ndilo imani ya mababa. Nawe wasemaje?"

Kijana alijua ni kweli tupu. Lakini macho yake yaliganda kwenye vile vidole vya mzee, vilivyotulia begani kwa mwingine, na wivu ukamshinda.

"Ni uzushi, baba."

Mzee akamtazama kwa imani yote. Kisha akaweka kalamu chini bila kutia sahihi, akasimama mbele ya mtaguso mzima.