Kungoja

"Leta kamba, Doyo," Mzee Kanchoro aliniambia mbele ya zizi.

Nilikuwa nimenunua ng'ombe kumi kwa shilingi elfu moja kila mmoja: elfu mbili zangu, elfu nane mkopo wake. Bei ikishuka hadi mia nane, tulikubaliana, angewauza wote ajilipe. Karantini ya mifugo ikafunga njia ya Nairobi. Wakabaki wachinjaji wa Isiolo tu, na mia nane zao.

"Wiki moja tu, mzee."

"Ikishuka tena, hasara ni yangu."

Nikaachilia kamba; wote kumi wakauzwa, na elfu nane zote zikawa zake. Alama za katani zilibaki viganjani.

Ijumaa karantini iliondolewa. Bei ikapanda hadi elfu moja mia mbili. Ningalinunua wawili tu kwa pesa zangu, nani angaliniharakisha?

"Nikukopeshe tena?" Kanchoro akauliza.

"Hapana, mzee. Sasa najua kungoja."

Ila sina tena ng'ombe wa kungojea nao.