Nyegere Amtoa Kobe Hadithini

Nyegere alipenda sifa kuliko asali. Siku ya ngoma, Kasuku mtambaji alijiandaa kusimulia jinsi Nyegere na rafiki yake Kobe walivyouendea mzinga wa nyuki wakali.

"Mtoe huyo Kobe!" Nyegere akafoka. "Alikaa chini tu. Ushujaa ni wangu."

"Haya, bwana mkubwa."

Kasuku akasimulia: Nyegere alitumbukiza kichwa mzingani, akaumwa, akala. Wanyama wakapiga miayo.

"Si ndivyo nyegere wote walivyo?" akauliza Sungura.

Nyegere akanywea. "Basi mrudishe," akanong'ona.

Kasuku akaanza upya. Mzinga uleule, njaa ileile. Kobe akasema, "Ngoja baridi ya jioni iwalegeze nyuki, ndugu yangu." Nyegere akajibu, "Kungoja ni kwa waoga!" akatumbukia.

Wanyama wakashika vifua. Kumbe njia nyingine ilikuwepo, naye kaikataa! Wakamshangilia. Kisha wakamcheka, maana jioni Kobe alikula asali ileile bila kuvimba pua.

"Wamenicheka," Nyegere akanung'unika.

"Wamekuona," akasema Kobe, aliyeketi kando yake. "Peke yako ulikuwa nyegere tu."

Nyegere akajikuna pua, akacheka pia. "Kasuku we! Kesho rudia, na Kobe umtangulize."